PIMA GETI NA NJIA KABLA YA KUCHAGUA GARI



Siku hizi hata katika vijiji vyetu na miji midogo ya njiapanda watu wananunua magari. Wengine wananunua peke yao, wengine wananunua kwa kikundi ili kubeba mazao na bidhaa za duka. Mnunuzi hukagua injini, hukagua matairi, huuliza gari linakula mafuta kiasi gani. Hayo yote ni sawa. Lakini ni wachache wanaouliza swali hili: Je, gari hili litaingia kwangu?

Asiyeuliza swali hilo huja kuliuliza jioni ya siku ya kwanza, gari likiwa limesimama nje ya geti. Hapo fedha zimekwisha toka. Basi atavunja nguzo aliyoijenga mwaka jana, au ataliacha gari nje usiku na kumlipa mlinzi kila mwezi. Akiliacha nje bila mlinzi, huenda asubuhi akakuta vioo vya pembeni vimeng'olewa.

Katika somo hili tutajifunza kupima mambo matatu: upana, urefu, na nafasi ya kukata kona. Vifaa vyetu ni futikamba, kamba, fito chache, majivu, karatasi na kalamu. Hesabu zetu ni za kujumlisha, kutoa na kugawa tu.

MANENO YA SOMO

Upana wa wazi: Nafasi iliyobaki kweli kati ya nguzo na nguzo wakati geti limefunguliwa.

Duara la kugeuzia: Duara ambalo gari huchora chini likizunguka huku usukani umekatwa mpaka mwisho.

Nusu ya duara: Umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingoni mwake. Mafundi wengine huita nusukipenyo.

1. KUPIMA UPANA

Fungua geti lote. Sasa pima kutoka bawaba hadi bawaba, au kutoka ubao wa geti hadi ubao wa geti, pale palipobana zaidi. Usipime kutoka katikati ya nguzo. Fundi aliyekujengea anaweza kusema, "Geti lako ni la meta tatu," kumbe alipima kabla ya kupiga plasta na kabla ya kuweka bawaba. Plasta na bawaba za pande zote mbili zinaweza kula sentimeta 10 au zaidi.

Pima mara tatu: chini, kwenye kimo cha kiuno, na kwenye kimo cha kifua. Nguzo nyingi zimeinama kidogo. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kuandika.

Sasa gari. Karatasi za gari huandika vipimo kwa milimeta. Ukiona 1690, usishtuke. Gawa kwa 1000, utapata 1.690, yaani meta moja na sentimeta 69. Huo ndio upana wa Toyota Probox, gari dogo la mizigo ambalo wengi wetu tunalifahamu.

Lakini angalia jambo moja. Upana ulioandikwa kwenye karatasi ni wa bodi peke yake. Vioo vya pembeni havimo. Kwa hiyo nenda kwenye gari lenyewe, vioo vikiwa vimefunguliwa, ushushe kamba yenye jiwe kwenye ncha ya kila kioo. Weka alama chini pale jiwe linapogusa. Pima kati ya alama mbili. Hicho ndicho kipimo kitakachopita getini kila siku, maana dereva anahitaji vioo hivyo ili aone nyuma.

2. KUPIMA UREFU

Urefu hutuambia kama gari litakaa ndani ya banda na mlango ukafungwa. Pima ndani ya banda, kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni. Kama kuna rafu, gunia au tofali zilizotokeza, pima hadi hapo, si hadi ukutani.

Kwa urefu wa gari ongeza nafasi ya kupita mtu. Mtu mzima akitaka kupita bila kujiparuza anahitaji kama sentimeta 50. Na dereva akitaka kufungua mlango na kutoka anahitaji kama sentimeta 60 ubavuni mwa gari. Magari yetu usukani uko kulia. Kwa hiyo nafasi kubwa iachwe upande wa kulia wa gari. Upande wa kushoto linaweza kukaribia ukuta, mradi abiria ameshuka kwanza.

Pima pia kimo cha mlango wa banda. Watu husahau keria. Gari linaweza kupita vizuri leo, na siku utakapofunga keria juu likagonga boriti.

3. KUKATA KONA

Hapa ndipo wengi huangukia. Mtu hupima geti, akapata meta 3. Hupima gari, akapata chini ya meta 2. Husema, "Basi linaingia, tena linabakiza." Ni kweli, lingeingia kama lingekuja limenyooka. Lakini geti likiwa ubavuni mwa njia, na njia yenyewe ni nyembamba, gari haliwezi kuja limenyooka. Linaingia likiwa limepinda, na gari lililopinda huchukua nafasi kubwa kuliko upana wake.

Kwa nini? Mmeona mkokoteni wa ng'ombe ukikata kona. Ng'ombe wanapita mbali na kona, lakini gurudumu la mkokoteni linakata ndani na kugonga jiwe la pembeni. Gari nalo ni hivyo hivyo. Tairi za nyuma hazifuati nyayo za tairi za mbele. Tairi la nyuma la ndani hukata karibu na kona. Wakati huo huo pembe ya bampa ya mbele, upande wa nje, hutupwa mbali. Kwa hiyo nguzo moja inatishwa na ubavu wa gari, na nguzo ya pili inatishwa na bampa.

Kwenye karatasi ya gari kuna namba inayohusu kukata kona. Isomwe kwa uangalifu, maana ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza: Karatasi za Kijapani huandika nusu ya duara. Kwa Probox iliyotoka mwaka 2014 wameandika 4.9. Maana yake duara zima ni mara mbili yake, yaani meta 9.8. Karatasi za nchi nyingine mara nyingi huandika duara zima. Ukilinganisha 4.9 ya gari moja na 10.5 ya gari jingine, utadhani la pili ni baya mara mbili, kumbe yanakaribiana sana. Kama namba iko chini ya 8, kwa gari la kawaida hiyo ni nusu ya duara.

Mtego wa pili: Namba hiyo hupimwa kwenye tairi la mbele la nje, wala si kwenye bampa. Bampa imetangulia mbele ya tairi, kwa hiyo huchora duara kubwa zaidi. Kwa Probox tairi huchora nusu ya duara ya meta 4.9, lakini pembe ya bampa hufika kama meta 5.4. Hiyo nusu meta iliyoongezeka ndiyo inayokwangua rangi kwenye nguzo.

4. MFANO: BWANA NA BIBI WENYE DUKA

Tuchukue mfano. Bwana na bibi wanaishi katika mji mdogo. Wana duka la nafaka. Wamejiwekea akiba, na sasa wana magari mawili ya kuchagua, yote yametumika. La kwanza ni Probox ya namna iliyotoka mwaka 2014. La pili ni Toyota Hilux, pikapu ya milango minne, ya namna iliyotoka mwaka 2015.

Bwana anataka Hilux. Anasema, "Mama Watoto, Hilux inabeba magunia, na barabara ya mvua haiiogopi." Bibi anajibu, "Baba, sikatai. Lakini kwanza tujue itakuja kulala wapi." Wakachukua futikamba na daftari.

Waliandika hivi kuhusu nyumba yao:

Njia ya mtaa mbele ya geti, kutoka ukuta wao hadi uzio wa jirani ng'ambo: meta 4.
Upana wa wazi wa geti: meta 3.
Banda la gari, ndani: urefu meta 5, upana meta 2.70.
Kutoka geti hadi banda, kunyooka moja kwa moja: meta 8.

Wakaandika hivi kuhusu magari:

Probox: urefu meta 4.25, upana meta 1.69, nusu ya duara meta 4.9.
Hilux: urefu meta 5.33, upana meta 1.86, nusu ya duara meta 6.4.

Anza na urefu. Banda ni meta 5. Toa 4.25 ya Probox, inabaki 0.75, yaani sentimeta 75. Inatosha mlango wa banda kufungwa na mtu kupita upande mmoja. Sasa toa 5.33 ya Hilux kutoka 5. Haitoki. Hilux itatokeza nje kwa sentimeta 33, na ili mlango ufungwe ni lazima banda lirefushwe kwa zaidi ya nusu meta.

Upana wa banda: 2.70 toa 1.69 inabaki meta 1.01. Probox ikiacha sentimeta 30 kushoto, dereva atabaki na sentimeta 71 kulia. Atafungua mlango na kutoka vizuri.

Bwana alisema, "Banda si kitu, tutaongeza tofali." Ni kweli, banda lao linaweza kurefushwa, maana nyuma yake kuna nafasi. Lakini bado hawajapima kona. Na uzio wa jirani hauwezi kusogezwa.

5. PELEKA GETI UWANJANI

Namna nzuri ya kupima kona si kukaa na kalamu. Ni kuhamisha njia yako na geti lako, ukavipeleka uwanjani. Gari likigonga fito uwanjani, fito huanguka tu. Likigonga nguzo ya matofali, utalipa wewe.

Tafuta uwanja tambarare, kama wa mpira, na uombe ruhusa kwa wenyewe. Kisha fuata hatua hizi:

(a) Chora mstari mrefu kwa majivu. Huo ndio ukuta wako. 

(b) Pima upana wa njia ya mtaa wako, katika mfano wetu ni meta 4, na uchore mstari wa pili sambamba na wa kwanza. Huo ndio uzio wa jirani. Pima sehemu tatu ili mistari isikaribiane upande mmoja.

(c) Kwenye mstari wa ukuta simamisha fito mbili kwa upana wa geti lako. Katika mfano ni meta 3. Fito ziwe za kimo cha kifua, ili zikutane na vioo pia. Simamisha fito nyingine kando ya mstari wa uzio wa jirani, kila baada ya meta moja.

(d) Mwombe muuzaji alete gari na dereva. Gari liingie kwenye njia ya majivu, likate kona, lipite kati ya fito. Liende polepole kama mtu anayetembea. Mtu mmoja asimame kwenye kila fito ya geti, nje ya njia ya gari, na mtu wa tatu atazame uzio wa jirani. Watoto wakae mbali.

(e) Kabla gari halijapita, mwagia vumbi maji kidogo ili nyayo za tairi zionekane. Likishapita, pima umbali mdogo kabisa kati ya gari na kila fito, na uandike.

Kwa kupima tumia futikamba, au kamba ya katani uliyoipima kwanza. Kamba ya nailoni huvutika; ukiivuta kwa nguvu itakupa meta ya uongo.

Kama muuzaji anakataa kulileta gari uwanjani, tafuta mwenye gari la namna ile ile na umwombe. Usitumie gari la namna nyingine kwa sababu tu "yanafanana kwa macho."

6. WALIVYOONA UWANJANI

Bwana na bibi walijaribu Probox kwanza. Dereva alijivuta karibu na uzio wa jirani, akaacha sentimeta 30, akakata usukani wote, akaingia kichwa mbele. Gari lilipita, lakini kwa shida. Kwa mkato mmoja Probox katika njia ya meta 4 inahitaji geti la karibu meta 2.85. Geti lao ni meta 3. Kwa hiyo ilibaki sentimeta 15 tu, ukijumlisha pande zote mbili. Kioo cha upande wa ndani kiligusa fito. Dereva mzuri ataingia mchana. Lakini usiku, mvua inanyesha, mtu amechoka?

Kisha bibi akauliza, "Je, likiingia kwa rivasi?" Wale waliosimama walicheka. Walidhani rivasi ni kwa wasiojua kuendesha. Dereva akapitiliza geti, akasimama mbele yake, akarudi nyuma huku amekata usukani. Gari likaingia bila kugusa kitu, na ng'ambo, kwenye fito za uzio wa jirani, ilibaki nafasi ya kama sentimeta 70.

Kwa nini rivasi iwe rahisi kuliko kwenda mbele? Kumbuka mkokoteni. Tairi za nyuma hazikati kona, za mbele ndizo zinazokata. Gari likiingia kichwa mbele, pembe ya bampa hutupwa nje pale pale getini, mahali penye nguzo na palipobana. Likiingia kwa rivasi, nyuma ya gari hupita getini imetulia, na bampa ya mbele hutupwa upande wa njia, ambako kuna meta 4. Kwa maneno mengine, rivasi huhamisha tatizo kutoka getini na kulipeleka njiani. Kama njia yako ni pana kuliko geti, rivasi itakusaidia. Tena asubuhi utatoka kichwa mbele, ukiwaona watoto na baiskeli zinazopita, badala ya kutoka kinyumenyume bila kuona.

Lakini rivasi ina sharti lake. Ni lazima njia iendelee baada ya geti ili gari lipate pa kupitiliza. Kwa Probox panahitajika kama meta 6 kutoka nguzo ya kwanza ya geti utakayokutana nayo wakati wa kurudi nyuma. Kama njia yako inaishia hapo hapo getini, rivasi ya namna hii haiwezekani.

Halafu wakajaribu Hilux. Kichwa mbele, kwa mkato mmoja, ilihitaji geti la karibu meta 3.45. Geti la meta 3 halikutosha. Ubavu uliangusha fito ya ndani. Kwa rivasi, bampa ya mbele ilihitaji njia ya kama meta 4.5. Njia ni meta 4, kwa hiyo iliangusha fito za uzio wa jirani. Mwisho dereva aliiingiza kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara kadhaa. Iliingia, ndiyo. Lakini kila jioni kufanya hivyo, huku bodaboda wanapiga honi nyuma yako, ni kazi. Na siku atakayoendesha mtu mwingine, nguzo itaumia au gari litaumia.

7. KUPIGA HESABU YA UAMUZI

Sasa bwana na bibi waliweza kuzungumza kwa vipimo, si kwa mapenzi. Waligawa ukurasa wa daftari sehemu mbili.

Upande wa Probox waliandika: Geti halibomolewi. Banda halibomolewi. Kuingia ni kwa rivasi. Mlango wa nyuma wa Probox hufunguka kwenda juu, na ndani ya banda hautapata nafasi, kwa hiyo magunia yashushwe uani kabla gari halijaingia bandani.

Upande wa Hilux waliandika: Kuvunja nguzo moja na kupanua geti hadi karibu meta 3.85, ili pande zote zibaki na nafasi. Geti jipya la chuma, maana la zamani litakuwa fupi. Kurefusha banda na paa lake. Gharama zote hizo zijumlishwe kwenye bei ya gari.

Bwana alitazama daftari kwa muda. Akasema, "Kumbe Hilux hii bei yake si ile aliyotutajia muuzaji." Wakakubaliana kuchukua Probox, na wakati wa mavuno wakodi lori kwa siku chache za magunia mengi.

Hatusemi Probox ni bora kuliko Hilux. Mwenye njia ya meta 7 mbele ya geti na mashamba ya milimani anaweza kuchagua kinyume, na akawa sahihi. Na mwenye uchochoro wa meta 3 huenda hata Probox ikamshinda, akaangalia Kirikuu. Magari hayo madogo ni ya daraja la Kijapani ambalo, kwa sheria yao ya tangu mwaka 1998, haliruhusiwi kuzidi urefu wa meta 3.40 na upana wa meta 1.48. Hayo nayo yapelekwe uwanjani kwanza.

8. KAMA UNAJENGA, HUJANUNUA GARI BADO

Huenda msomaji una kiwanja tu, na gari ni la miaka ijayo. Wewe una bahati, maana karatasi haivunjwi kwa nyundo. Zingatia mambo mawili.

Kwanza, sogeza geti ndani. Badala ya kulijenga kwenye mstari wa ukuta kandokando ya njia, lirudishe uani kwa meta moja au mbili, na kuta zake zipanuke kuelekea njiani kama mdomo wa faneli. Hapo gari linapata pa kuanza kunyooka kabla ya kufika kwenye nguzo.

Pili, ujue gari litatokea upande gani. Ukitoka barabara kuu upande wa kushoto, bampa itatishia nguzo ya kulia unapoingia kichwa mbele. Ukitoka upande wa kulia, itatishia ya kushoto. Mtu akikuambia, "Sogeza nguzo," muulize, "Nguzo ipi, na kwa gari linalotoka wapi?" Kusogeza nguzo isiyohusika ni kupoteza saruji.

Na geti linalofunguka kuelekea ndani nalo linahitaji nafasi. Ubao wa meta 1.5 huzunguka meta 1.5 uani. Usijenge banda wala usipande mwembe ndani ya mzunguko huo.

MASWALI YA KIKUNDI

Zungumzeni maswali haya katika kikundi chenu cha kusoma. Andikeni majibu kwenye daftari.

1. Karatasi ya gari imeandika upana 1855. Hiyo ni meta ngapi na sentimeta ngapi? Je, vioo vimo ndani ya kipimo hicho?

2. Gari moja limeandikwa 5.2 na jingine limeandikwa 10.2 kwenye sehemu ya kugeuza. Lipi linakata kona fupi zaidi? Eleza ulivyojua.

3. Banda lina urefu wa meta 4.60. Gari lina urefu wa meta 4.25. Inabaki nafasi gani? Je, mtu anaweza kupita nyuma ya gari mlango ukiwa umefungwa?

4. Katika mfano wetu, kwa nini Probox iliingia kwa urahisi zaidi kwa rivasi kuliko kichwa mbele?

KAZI YA KUFANYA: Chagueni nyumba moja ya mwanakikundi yenye geti. Pimeni upana wa wazi wa geti mahali patatu, na upana wa njia iliyo mbele yake. Chukueni kipimo kidogo cha kila kimoja. Kisha chora njia hiyo na geti hilo uwanjani kwa majivu na fito. Kama kuna mwenye gari kijijini atakayekubali kusaidia, alipitishe kati ya fito, kwanza kichwa mbele, halafu kwa rivasi. Andikeni fito ipi iliguswa katika kila jaribio.